Kichupo cha Pili

Mwalimu Odeta alibonyeza F11, na kwenye kioo cha kompyuta likabaki somo la hesabu za sehemu peke yake. Vichupo vya kurasa alizofungua, alamisho na ule mstari wa programu wa chini, vyote vikatoweka. Akaanza kurekodi skrini nzima, ili wanafunzi wake wa Kakese wapate somo kwenye simu.

"Unaficha nini, wewe binti?" Mkuu wa shule, Mwalimu Kassiani, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sifichi, mkuu. Ni kwa ajili ya wanafunzi tu, wasihangaike na mengine."

"Unaniona mimi mtoto?" Akampokonya mausi, akasukuma kishale mpaka juu kabisa. Pale pale vichupo vikateremka. Cha pili kilisomeka: Nafasi za Kazi, Sumbawanga. Odeta alikuwa amesahau kuwa F11 inaficha tu, haifungi.

"Ahaa! Unatutoroka! Nani alikutoa kwenye kuuza dagaa akakupa chaki?" Akacheka. "Hiyo video itume hivyo hivyo kwenye grupu la wazazi, wakujue."

Odeta akachukua mausi yake, akasimamisha kurekodi, akaifuta video Kassiani akiangalia.

"Umefanya nini?"

"Nitarekodi upya, mkuu, nikishafunga hicho kichupo." Akakifungua kwanza, akabofya Tuma Maombi. "Sasa ndiyo nakifunga."