Meza Isiyogongwa

Karatasi ya kwanza ilitoka mashineni ingali na joto, na binti msahihishaji alipousoma mstari wa tatu, akakumbana na kosa. "Pete ya zahabu." Akateremka kidogo: "samani ya shamba." Lo, ilipaswa iwe thamani; samani ni viti na makabati! Na hiki kilikuwa kitabu cha kusomea watoto wa shule.

Nyie mnaoona vitabu dukani hamjui jinsi vinavyosahihishwa. Pale kiwandani walisahihisha wawili wawili: Shangazi anasoma mswada wa mwandishi kwa sauti, binti huyu anafuata kwa jicho nakala ya mpiga chapa. Shangazi huyo, ambaye ofisi nzima ilimwita hivyo, alijua maneno kuliko kamusi, ila ulimi wake haukuwahi kupatana na dh, th wala gh. Dhahabu kwake ilikuwa zahabu, gharama ikawa garama. Basi wakatunga mbinu: akifika kwenye herufi hizo, anagonga meza. Ko. Asipogonga, ni z, s au g ya kawaida, kama zawadi, samaki na gari.

Siku walipokisoma kitabu hiki, meneja alikuja kukaa nao. Alichukia kelele, na alishatangaza kwamba kitabu kingine kikitoka na makosa, Shangazi atapumzishwa. Na Shangazi ndiye anayelea wajukuu peke yake. Kwa hiyo mkono wake ukatulia. Chini ya meza, mguu wake ulimkanyaga mwenzake, tena na tena. Msahihishaji alidhani anaonywa akae vizuri, bosi anatazama. Akauvuta mguu wake pembeni, masikini, akaendelea kufuata mistari; meza haikugongwa, naye akapitisha kila z na s kama ilivyo.

Sasa mashine inanguruma, naye ndipo akaelewa kwamba ule mguu ulikuwa ukigonga badala ya mkono. Angeweza kunyamaza, nani angejua leo? Lakini wangejua kesho, na wa kufukuzwa angekuwa Shangazi. Akapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja, karatasi mkononi.

"Bosi, kuna makosa. Tusimamishe."

Meneja akaichukua karatasi. "Pete ya zahabu," akasoma taratibu. "Kosa liko wapi?"

Kumbe na ulimi wake ulikuwa kama wa Shangazi: zahabu haikumshtua. Mkono wa msahihishaji ukajiendea wenyewe mezani. Ko.

"Hapo. Inaanza na dh. Shangazi aliniashiria kwa mguu, mimi nikauvuta wangu. Kosa ni langu."

Meneja akairudia karatasi. Akaendelea kusoma, sauti imepungua, "samani ya shamba," kisha akautazama mkono wa yule binti, akingoja. Ko. Bosi akaiweka karatasi chini.

Akanyanyua simu. "Zimeni mashine." Akaiweka. "Mwite Shangazi."

Binti akadakia. "Bosi, nakuomba, yule ana wajukuu..."

"Mwite aje asome upya, hapa kwangu," meneja akasema bila kumwangalia. "Na agonge kwa nguvu, na mimi nisikie."