Filamu ya Kumfaa Nasimiyu

Jumamosi jioni mwaka wa 1991, Wabwile alikuwa katika duka la kanda za video la Kibiwott mjini Kitale, akigeuza makasha kusoma dakika.

"Ya Kihindi usinipe. Masaa matatu! Mke wangu Nasimiyu hawezi kukaa macho."

"Leo mama ameshinda wapi?" Kibiwott akauliza.

"Shambani Ndalu. Anavuna."

"Basi wacha ya mapenzi polepole. Na ile ya kusoma maandishi chini pia wacha, akifumba jicho kidogo hadithi imempita. Shika hii ya vita. Dakika themanini na tano, na risasi zinaanza mapema. Lakini muanze kabla ya ugali, bana. Akishiba umemkosa."

Miaka sita ya ndoa, na hawajawahi kuona mwisho wa filamu pamoja. Jambo hilo lilimuuma Wabwile kweli kweli, maana alimpenda mkewe.

Nyumbani alipeleka mbele matangazo yote, akaita. Nasimiyu alikuja baada ya kuogesha watoto na kusonga ugali, akaketi. Gari la kwanza lilipopinduka alikuwa anakoroma.

Askari wa kwenye filamu walimwona. Wakashusha bunduki, wakatoka ndani ya televisheni mmoja mmoja, wakipangusa buti kwenye gunia. Wakaosha sufuria, wakakunja nguo, wakapukuchua mahindi. Mkubwa wao akauliza sabuni iko wapi.

"Si mngoje aamke mumuulize," Wabwile akasema, akiinua miguu ufagio upite.

Asubuhi Nasimiyu aliangalia magunzi. "Nani amepukuchua?"

"Wale wa kwa kanda."

"Wameacha punje nyingi. Na filamu iliishaje?"

"Sijui. Hakukubaki mtu ndani."

Ikawa hivyo msimu mzima. Wacheza densi walifua vizuri. Wapelelezi wawili waligombania ndoo, kazi ikalala.

Jumatano moja mvua ilinyesha, Nasimiyu hakwenda shamba, akapumzika mchana. Kibiwott alipoambiwa alitoa kichekesho cha saa moja, chenye kelele, kisicho na usiku mrefu wa giza. Walikiwasha kukiwa bado na mwanga. Nasimiyu alicheka mpaka akamwegemea mumewe, na jina la mwisho likapita wote wawili wakiwa macho. Wabwile alifurahi hata machozi yakamlengalenga.

Kwa vile hakuna aliyelala, hakuna aliyetoka. Nasimiyu akainuka, akakunja mikono ya sweta, akaenda kwenye karai la vyombo. Wabwile alibaki akirudisha mkanda mwanzo, akisikiliza sahani zikigongana.

Kesho yake alikuwa dukani mapema.

"Nipe ndefu," alimwambia Kibiwott. "Ya polepole. Na iwe na wanawake wengi."

"Ati? Si ulitaka aone mwisho?"

"Ameona," Wabwile akasema. "Lakini akikaa macho, nani ataosha vyombo?"

Kibiwott akafikiri kidogo, kisha akapanda kwenye kiti kuishusha.