Bega la Mama Mustafa

Mwalimu Faraja alikuwa na sifa moja katika shule aliyofundisha mjini Mtwara, na haikuwa ya darasani. Ilikuwa ya maneno anayoyaandika chini ya picha zake kwenye Watsapu. Mwenzake, mwalimu Agnes, alikuwa akisema wazi ofisini kwamba stetasi ya Faraja haipiti bila yeye kuisoma, hata kama picha yenyewe ni ya sufuria.

Watu walidhani maneno yale yanamjia tu. Hayakumjia. Kila picha aliiandikia mara tatu: mara ya kwanza kwa utamu, ya pili kwa utani, ya tatu kwa utulivu. Kisha anasoma kwa sauti, anachagua, anatupa mawili.

Jumapili ile, baada ya kutoka kanisani, alikaa sebuleni kwake Magomeni, hapohapo Mtwara, akiwa na picha aliyopigwa jana yake huko Madimba. Alikuwa amekwenda kumtembelea mama Mustafa.

Saida, ndiye mama Mustafa, aliwahi kuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Faraja alipojifungua Joshua, mama yake mzazi alikuwa Tukuyu anaumwa, na mumewe Elisha anashinda bandarini. Saida ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akamkorogea uji, akamfulia vitambaa vya mtoto bila kukunja uso. Baadaye Saida na mumewe, mzee Selemani, walirudi Madimba kwenye mikorosho yao. Faraja aliahidi kwenda. Joshua akatambaa, akasimama, akaanza shule ya awali, na Faraja bado anaahidi.

Sasa alikuwa amekwenda. Mzee Selemani ndiye aliyewapiga picha kwa simu ya Faraja. Wanawake wawili wameketi kwenye mkeka, katikati yao kuna korosho zilizochomwa kwenye bati, zinasubiri kubanguliwa. Nyuma yao lundo la mabibo, matunda ya mikorosho, na mikorosho yenyewe. Saida anacheka, mikono yake ameinyoosha mbele kama anayeonyesha kitu: vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, na ngozi imebabuka kwenye vidole gumba. Faraja naye anacheka, mkono begani kwa mwenzake, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

Wakati anaagana, Saida alimwambia, "Mama Joshua, na mimi uniweke huko kwenye simu. Uniandikie yale maneno yako. Wakwe zangu wa Naliendele waone nina mtu mjini."

"Kesho tu, mama Mustafa. Utajiona."

Kwa hiyo Faraja alianza na utamu. Utamu aliujua unavyokwenda: unamwita mtu kwa jina, unamwambia "wewe", unagusa shida ya zamani bila kuieleza, unamtaja Mungu mara moja tu, unamalizia na moyo mwekundu. Na lile neno zito unaliweka mwanzoni, kwa sababu simu hukata maandishi marefu na wavivu hawabonyezi kuendelea. Akaandika:

"Nilipokuwa sina mtu, Mungu alinipa wewe. Mama Mustafa, wewe ni mama yangu wa Mtwara. Nakupenda kuliko maneno."

Akasoma kwa sauti. Yalikuwa mazuri. Yangewatoa machozi watu wa jumuiya ya kanisani. Akayasoma tena, na safari hii yakamkwama kooni kama mafuta ya nyama yaliyoganda. Nakupenda kuliko maneno. Mtu huyu yeye Faraja hajampigia simu tangu mfungo wa Ramadhani wa mwaka juzi. Halafu huyo "wewe", alikuwa anaambiwa Saida kweli? Saida angeweza kuambiwa jana, uso kwa uso. Maneno haya yalikuwa yanaambiwa walimu na wanakwaya, ili waseme Faraja ana moyo wa shukrani. Kila "wewe" ilikuwa imebeba "mimi" mgongoni.

Akafuta.

Akaja kwenye utani. Utani nao una njia yake. Hausemi kinachoonekana, unasema kitu cha pembeni, msomaji mwenyewe arudi kuitazama picha na kucheka. Unaanza kwa kujisema wewe ili watu walegee, na neno la kuchekesha linakaa mwisho kabisa, halifuatwi na kitu. Faraja akazitazama kucha zake, akatazama vidole vya Saida, na kabla hajajizuia yakamtoka:

"Mimi rangi ya kucha nimelipia saluni Chikongola. Mwenzangu kapata ya bure."

Akacheka. Alicheka peke yake sebuleni, hadi Elisha akachungulia kutoka chumbani.

"Kuna nini?"

Akamsomea. Elisha akacheka pia, halafu akaisogeza picha karibu kwa vidole viwili, na kicheko chake kikaishia njiani. "Hizi si zimeungua?"

"Ni mafuta ya korosho. Yanababua."

"Aa," alisema Elisha, akarudi chumbani.

Faraja akabaki na picha ikiwa imekuzwa vilevile. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imetoka kama ganda la kitunguu, chini yake nyama nyekundu. Na yeye amepata hapo cha kuchekesha. Tena haraka! Utamu ulikuwa umemchukua muda kuupika, lakini huu ulimtoka kama mate. Akahisi kinyaa kinampanda.

Akaisogeza picha ile huku na huku, bila kutafuta kitu, na hapo ndipo alipoona kitambaa chake cha mkononi. Ncha yake ilikuwa imechomoza chini ya paja lake. Alikuwa amekificha mzee Selemani aliponyanyua simu, maana kutwa nzima alikuwa amekibana puani. Mabibo yaliyokaa juani yananuka ule uchachu wa pombe na uozo kwa pamoja, nzi wanatua, wanaruka, wanatua kwenye mdomo wa kikombe. Saida alimkamulia maji ya mabibo, akachuja kwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili. Faraja alingoja wenyeji wageuke, akamwaga. Kikombe kile kilikuwemo pichani, kando ya mguu wake, na udongo uliolowa ulionekana wazi.

Alisimama, akaenda kunywa maji jikoni, akarudi. Ilibaki namna ya tatu.

Utulivu ndio aliouamini kuliko zote. Maneno machache, jina la mahali, majira, nukta. Hakuna moyo, hakuna alama ya mshangao, hakuna "mimi". Msomaji anaachiwa nafasi ajaze mwenyewe, na mara nyingi hujaza mema. Akaandika:

"Madimba. Msimu wa korosho."

Hapo hapakuwa na uongo. Hapakuwa na dharau. Lakini picha ilikataa kutulia. Ile mikono ilipiga kelele, kikombe kilipiga kelele, kitambaa kilipiga kelele. Maneno tulivu yanataka picha tulivu. Faraja akaanza kuikata. Akavuta ukingo wa chini, kitambaa na kikombe vikatoka. Akavuta ukingo wa kushoto, mikono ikatoka. Akavuta kidogo tena kwa sababu sura ya Saida ikiwa nusu ilionekana vibaya. Alipomaliza, palikuwa na Faraja akicheka, mwanga wa jioni shavuni, mikorosho nyuma, na bega la mtu mwenye kanga ya njano.

Akairusha.

Sifa zikaanza kumiminika. "Mwalimu una kina." "Utulivu huu, jamani." Agnes akaandika kwamba angetamani kuwa na roho nyepesi kama hiyo. Faraja alizisoma akiwa amejilaza, na kila moja ilimtambaa mwilini kama konokono. Utamu ungesema anapenda kuonekana mwema. Utani ungesema ana akili na hana huruma. Huu utulivu ulisema nini? Ulisema anaweza kumtoa mtu kwenye picha yake, akatulia, na akasifiwa kwa kutulia huko. Aliyajua yote hayo kabla hajarusha, na bado alirusha.

Saida alipiga simu kesho yake, wakati wa mapumziko. Faraja akatoka ofisini, akasimama nyuma ya vyoo vya wanafunzi, mahali pekee pasipo na masikio.

"Mama Joshua, habari za kazi?"

"Nzuri, mama Mustafa. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeiona. Lile bega ni langu?"

Faraja alitaka kusema simu ndiyo iliyokata. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. "Ni lako," alisema. "Nimekukata mimi."

"Kwa nini?"

Akamwambia. Hakupanga, yalitoka hovyo: kwamba aliandika mara tatu, akamsomea yote matatu kama yalivyokuwa. Saida alisikiliza.

"Hayo ya kwanza ni ya msibani," alisema. "Mtu akifa ndiyo anaandikiwa hivyo. Hayo ya kucha..." Faraja akasikia kitu kama kicheko, kisha kikazimika. "Ungenitania nikiwa hapo ningekurudishia. Mimi pia mdomo ninao. Lakini kunitania kwa watu nisiowajua, hapana. Na hayo ya mwisho, mimi simo. Utanipendaje au utanichekaje, na simo?"

"Nisamehe, mama Mustafa."

"Kile kikombe nilikuona ukimwaga. Nikanyamaza, nikasema mgeni tumbo lake limekataa. Ungesema tu, mwanangu. Nimekufulia nguo za uzazi, leo unanionea haya kwa maji ya bibo?"

Harufu ya vyoo ilimjaa Faraja puani na hakuziba.

"Sasa usiniandikie kitu," Saida alisema. "Nitumie picha nzima. Nzima, usiiguse."

Alituma palepale, kisha akaifuta ile ya kwake. Kabla kengele ya kipindi haijalia, jina la Saida likatokea kwenye orodha ya stetasi mpya. Faraja akafungua. Picha yote ilikuwapo, mikono mbele, kikombe, udongo uliolowa, ncha ya kitambaa. Chini yake Saida alikuwa ameandika kwa herufi kubwa:

"MIMI NA MWALIMU WANGU WA MTWARA. KOROSHO ZA KUCHOMA ZIPO. NAMBA NI HII HII."

Faraja alisoma mara kadhaa akitafuta kama huu ni utamu, ni utani au ni utulivu. Hakuupata wowote. Mwanamke alikuwa na picha, na alikuwa na korosho. Akajitazama yeye mwenyewe pale pichani, meno nje, kitambaa kimefichwa nusu, na kinyaa kikamrudia kipya kabisa, maana sasa wakwe wa Naliendele nao wanamwona.

Agnes alimkuta akitoka nyuma ya vyoo.

"Mbona umefuta? Ilikuwa nzuri mno ile."

"Haikuwa nzuri," Faraja alisema. "Kulikuwa na mtu pale, nimemkata."

"Nani?"

Faraja akampa simu aangalie mwenyewe. Agnes alitazama kwa muda, akaikuza, akafika kwenye vidole. Uso wake ukajikunja.

"Mungu wangu, hii mikono!" Akarudisha simu haraka kama imemuunguza. "Bora ulivyomkata, kwa kweli."

Faraja alichukua simu yake, akaenda darasani.