Shada la Maua la Mzee Maeng

Ujumbe ule Tak Se-yeong aliuandika na kuufuta mpaka kahawa yake ikapoa. Kazi yake ilikuwa kuyatafutia makampuni wakurugenzi, na katika kazi hiyo kila mtu anayestahili kutafutwa tayari ana kiti mahali pengine, naye amekikalia huku akiogopa hata kuonekana anageuza shingo. Neno moja likizidi, mtu anakimbia. Mwishowe aliutuma Jumamosi asubuhi, kwenye simu binafsi ya mhusika. Barua pepe ya ofisini asingeithubutu, maana katibu muhtasi huisoma kabla ya mwenyewe.

"Mkurugenzi Pyo Gi-hwan, samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko. Naitwa Tak Se-yeong, wa Maeng na Wenzake. Mteja wetu anatafuta mtu wa kuongoza biashara yake yote ya nje, na kazi uliyoifanya miaka hii inaendana na anachokitaka. Jina lake siwezi kulitaja kwa sasa, na lako sitalitaja kwake bila ruhusa yako. Sikuombi wasifu wala uamuzi. Naomba tu tuzungumze kidogo, sisi wawili, mahali utakapochagua, nje ya saa za kazi. Kama hupendi, usijibu, nami sitakusumbua tena."

Ile namba ndogo ya njano pembeni ya ujumbe, inayofutika mtu akisoma, ilifutika papo hapo. Jibu lilikuja Jumapili jioni: "Namba yangu umepewa na nani?"

Kwa watu wa cheo chake, hapo mtu ameshakubali nusu.

Walikutana kwenye chumba cha juu cha duka la uji wa karanga za msonobari, upande wa kaskazini wa Seoul, ambako watu wa biashara ya Pyo, ya kompresa za majokofu, hawafiki. Pyo alikuja kwa treni ya chini ya ardhi, amevaa kofia ya kupandia mlima na barakoa. Gari la kampuni alikuwa ameliacha nyumbani, kwa sababu dereva wa kampuni ni wa kampuni.

"Miaka yote niliyooa sijawahi kujificha hivi," alisema akivua kofia. "Mke wangu kaniuliza kama nina mwanamke."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ninaye, na anataka kunihamisha kazi."

Tak alicheka, lakini mwenzake hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, na Novemba ilikuwa imeanza. Kila Desemba makampuni hutoa majina ya waliopanda na waliobaki, na mkurugenzi asiyejiona kwenye majina hayo hukusanya vitu vyake siku hiyohiyo. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, ingawa kampuni ameitumikia tangu ujana. Likivuja neno kwamba anazungumza na wengine, hakuna atakayemgombeza. Jina lake litakosekana tu.

"Rais Yeom, mkuu wa kampuni yetu, ndiye aliyenishika mkono nikiwa sijui hata kufunga tai," Pyo alisema. "Nikimwacha, nitamtazamaje usoni?"

"Sikwambii umwache. Msikilize mteja mara moja tu, basi."

Pyo alikoroga uji wake mpaka ukawa maji, ndipo akakubali kuonana na mteja Jumatano. Tak alimtajia jina la mteja hapo, naye akatoa ruhusa jina lake litajwe. Tak alirudi nyumbani akiwa mwepesi kidogo, jambo lisilomtokea mara nyingi.

Jumanne mama yake Pyo alifariki.

Pyo mwenyewe ndiye aliyeandika, mistari miwili: mama amefariki, Jumatano haitawezekana. Tak alimpa pole, akampigia mteja, akaahirisha. Mteja alinung'unika. Alisema ana mtu mwingine anayemsubiri, na hawezi kumngoja mtu mmoja milele. Asubuhi ya pili, kwenye kikao cha ofisi, Tak akaeleza kwa nini mkutano wa siku hiyo haupo. Hakufikiri kwamba ofisini mwake mwenyewe palikuwa na mtu wa kuogopwa.

Mtu huyo alikuwa Mzee Maeng, mwenye kampuni. Alikuwa na wema wa kizamani, ule wema unaoingia chumbani bila kubisha hodi. Hakuna msiba wa mtu anayemjua uliompita. Mchana Tak alimkuta anakunywa chai ya shayiri, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza wajibu.

"Nimeshapeleka shada," alisema. "Lile kubwa, la ngazi tatu. Kwa Mkurugenzi Pyo."

"Bosi, kwa jina la nani?"

"La kampuni, jina la nani tena? Maeng na Wenzake, Watafutaji wa Wakurugenzi. Nimewaambia waandike kwa wino mzito, wazee wasome."

"Bosi. Kampuni yake yote iko pale."

"Ndiyo. Wataona tuna adabu."

"Wataona anatafuta kazi!"

Mzee Maeng aliweka kikombe chini taratibu. "Mtu kafiwa na mama, tukae kimya? Sisi wanyama?"

Jibu lililomjia Tak lingemfukuzisha kazi. Alishuka ngazi akimpigia mwuza maua. Yule bwana alimwambia kwa furaha kwamba shada limeshafika, tena limewekwa mahali pazuri. Kwenye teksi Tak aliuma ndani ya shavu lake mpaka akaonja damu. Wiki nzima alikuwa amepima kila nukta ya ujumbe, amechagua duka la uji ambalo hata ramani hailijui, na sasa mzee mmoja na maua yake meupe amekitia mchanga kitumbua chake.

Ukumbi wa misiba ulikuwa chini ya hospitali. Korido nzima ilijaa mashada, kila moja refu kuliko mtu, na kila moja na tepe mbili zinazoning'inia: moja ya salamu, nyingine ya jina la aliyeleta. Vijana wa kampuni ya Pyo, wote na suti nyeusi, walikuwa wakiyapanga kwa vyeo. La mwenyekiti wa kampuni lilikuwa la kwanza mlangoni. La wanaowauzia shaba lilikuwa mbali. La Mzee Maeng, kwa sababu ya ukubwa wake, walilisimamisha la tatu.

Mbele yake alisimama mzee mfupi, mikono nyuma, akisoma utepe polepole. Tak alimjua kwa picha za magazeti. Alikuwa Rais Yeom.

Angeweza kugeuka na kuondoka. Miguu yake ilitaka hivyo. Lakini utepe ungebaki pale ukisema maneno yake, na asingekuwepo mtu wa kuujibu. Akapiga moyo konde.

"Shada letu hilo, Rais," alisema akiinama. "Tak Se-yeong, wa Maeng na Wenzake."

Yeom alimtazama juu mpaka chini. "Mnamfahamu Pyo?"

"Anatufahamu kwa kutufukuza. Nimemsumbua muda mrefu atupe kazi ya kuwatafutia nyinyi watu. Kila nikimpigia ananiambia kampuni yenu hukuza watu wake yenyewe, haihitaji madalali. Bosi wangu kaona labda kwa maua atalainika."

"Madalali, kasema hivyo?"

"Kasema mabaya zaidi, Rais. Hilo ndilo la heshima."

Yeom alicheka kwa sauti ya chini inayofaa msibani. Mmoja wa wale vijana, aliyekuwa ametega sikio, naye akatabasamu na kuendelea kunyoosha maua. Tak aliingia ndani. Akaisujudia picha ya marehemu mara mbili, kisha akainamiana mara moja na Pyo, aliyekuwa na utepe wa wafiwa mkononi na macho mekundu. Hakuna aliyesema neno lisilo la pole.

Alikula mchuzi mwekundu wa nyama haraka, kwa kuwa kuondoka bila kula kungeonekana. Alipotoka nje kutafuta hewa, Rais Yeom alikuwa hapo na sigara.

"Bi Tak, Pyo hakukosea, sisi hatuna desturi ya kutafuta watu nje," alisema. "Lakini nina kiti kimoja. Mwenyekiti anataka sura changa upande wa mauzo ya nje kabla ya mwaka mpya. Ndani sina mtu. Nitafutie, kimya kimya."

Mauzo ya nje: kiti cha Pyo. Tak alishusha sauti. "Kiti hicho kina mtu, Rais."

"Kinaye. Bado hajui, na asijue mpaka siku yenyewe. Mtu kafiwa, nitamwambiaje leo?" Alizima sigara kwa kisigino. "Nakwambia wewe kwa sababu kazi yenu ni kufunga mdomo. Sivyo?"

"Ndivyo," Tak alisema.

Kazi ile asingeweza kuichukua, hilo lilikuwa wazi. Angempigia kesho na kukataa kwa adabu. Lakini kuikataa hakungemfungua mdomo. Alichoambiwa ameambiwa kwa kazi yake, na siku atakapokitoa nje hatakuwa na kazi yoyote ya maana, kwa maana hana kingine cha kuuza. Hasira zilimpanda, na hakujua azielekeze kwa nani: kwa Yeom, kwa Mzee Maeng na wema wake, au kwake yeye aliyesema uongo mzuri ukamletea ukweli huu.

Alirudi ndani kuchukua mkoba wake, na alikuwa anavaa viatu mlangoni Pyo alipomfuata.

"Nimesikia ulivyoniokoa," Pyo alisema kwa sauti ndogo. "Rais kanishika bega. Kaniambia, Pyo, wewe ni mtu wa kampuni. Kakaa na mama yangu tangu asubuhi, Bi Tak. Mtu kama huyo haachwi. Mwambie mteja wako nimeshukuru sana, lakini siendi."

"Mkurugenzi, nenda."

"Nimeshaamua."

"Kakutane naye mara moja tu. Wiki ijayo, kabla hajamchukua mwingine."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia."

Pyo alitabasamu kwa uchovu. "Wewe huishiwi siri za mteja wako."

"Si za mteja huyo."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda, halafu likaondoka. Tak aliinama kufunga kiatu kilichokwisha fungwa. Alijilaumu kwa maneno yale machache, na alijilaumu pia kwamba hayakutosha. Alipoinua kichwa, Pyo alikuwa anatazama ndani ya ukumbi, kwenye meza ambayo Rais Yeom alikuwa ameketi na wakurugenzi wenzake, akiwasimulia jambo.

"Ni Desemba hii?" Pyo aliuliza.

Tak hakujibu. Hakutikisa kichwa wala hakupepesa macho, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyombakia ya kumpa kila mmoja wao.

Pyo alinyoosha utepe wa mkononi mwake. "Mama anazikwa kesho," alisema. "Jumatano ijayo, saa ileile."

Kisha akarudi ndani, akapiga magoti kwenye meza ya Rais Yeom, akashika chupa ya pombe ya soju kwa mikono miwili, akammiminia.