Makofi ya Baba Mtu

Muuguzi alikuwa ameandika barua ambayo hata mlevi angeielewa: sikio la kulia la mtoto halikupita kipimo, mleteni baada ya wiki mbili apimwe tena, na likishindwa tena tutampa rufaa kwa daktari wa masikio. Baba mtu akaja baada ya miezi mitatu, kifua mbele, kuirudisha barua.

"Mwanangu anasikia, dada. Tazama."

Akapiga makofi nyuma ya mtoto. Mtoto akageuka.

"Hongera, profesa," muuguzi akasema. "Sasa sogea kulia, hukohuko nyuma yake, upige tena."

Akapiga. Mtoto akageuka haraka huku akicheka, akamtafuta baba yake upande wa kushoto.