Taya la Mjomba Tilaye

Mwezi mzima Mjomba Tilaye alikula akiwa amejifunika gabi gubigubi, kama mgonjwa anayejifukiza. Gabi ni shuka nzito ya pamba, na hapa Debre Birhan, mji wetu wa milimani, baridi inatosha kwa mtu kujifunika bila kuulizwa. Lakini kulitandaza kichwani mpaka juu ya sinia ya injera, mkate wetu mpana na laini, mkono mmoja tu ukichungulia, ukanyakua tonge na kurudi ndani kama panya, hapo hata majirani walianza kuuliza.

"Tiru, umefunga mlango?"

"Nimefunga, Mjomba."

"Dirisha?"

"Nalo."

"Sasa na wewe geuka."

Nikageuka, nikautazama ukuta. Mimi ndiye niliyempikia na kumtunzia nyumba tangu mkewe alipofariki, na ukuta ule ningeweza kuuchora nikiwa usingizini. Matonge matatu, manne, halafu sauti ndani ya gabi: "Aaa! Limekuja!" Akatoa kichwa. Chini ya taya la kulia palikuwa pamejaa, kama mtu aliyeficha yai la kuku wa kienyeji. Maumivu yalimtoa machozi. Baada ya saa moja au mbili hivi, yai likayeyuka, akabaki na taya lake la siku zote.

Sasa kwetu mtu akiugua akiwa anakula, haulizwi alikula nini. Anaulizwa nani alimtazama. Jicho baya humpata mtu chakula kikiwa njiani kwenda mdomoni, ndiyo maana wakubwa hujifunika wakila. Mjomba alifanya hesabu yake, akapata jibu: Bibi Yeshareg.

Bibi Yeshareg ndiye mama yake Kinfu, kijana aliyemposa Seble, binti pekee wa Mjomba. Siku tulipokwenda kwao kupanga harusi, mama yule alikunja injera na dengu, akakamulia limau, akamlisha Mjomba kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo gursha, tonge la heshima, na anayekulisha lazima akutazame, la sivyo atakulisha puani. Mjomba akatafuna, akashika taya, akavimba mbele ya watu. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Tonge la pili akalikataa, akatoka bila kuaga.

Bibi Yeshareg alibaki na tonge hewani. Kwetu hiyo si aibu ndogo.

"Ana jicho," Mjomba alisema njiani. "Binti yangu haingii nyumba ile."

"Lakini Baba," Seble alilia siku chache baadaye, "umevimba leo pia, nyumbani kwako, umejifunika!"

"Jicho lake linapenya gabi. Unaona lilivyo kali!"

Akawaita wazee wa posa. Jumapili, akawaambia, waende wakavunje maneno. Seble akaacha kula. Aliyevimba hali, mwenye afya hali, nami napika chungu kizima cha mchuzi wa shiro namlisha nani?

Kabla ya hapo watu nao walikuwa wameshaleta dawa zao. Mwenye duka la dawa alisema ni maambukizi, akampa vidonge vya rangi mbili, siku saba. Vikaisha, akampa vingine. Tumbo likaharibika, taya likaendelea. Kisha Mjomba akaanza kwenda kunywa maji ya baraka kanisani kila alfajiri, na kweli, asubuhi zote alikuwa mzima. Akatangaza amepona. Ulikuwa Mfungo Mkuu, ule wa kabla ya Pasaka, hatuli kitu mpaka saa tisa. Saa tisa na robo, yai limerudi.

Aliyetusaidia ni Wubshet, kinyozi, ingawa hakukusudia. Alikuwa anamnyoa Mjomba ndevu, akagusa chini ya taya, akaushusha wembe.

"Mbona umeacha?" Mjomba akauliza.

"Hapana, Gashe, mzee wangu. Ni kwamba shemeji yangu naye alianza hivihivi."

"Shemeji yako yuko wapi sasa?"

Wubshet akapangusa wembe. "Tulimzika vizuri sana."

Ijumaa asubuhi, bila kuambiwa na mtu, Mjomba alikuwa amevaa viatu. "Tiru, chukua kikapu, tunapita sokoni. Na tukiwa njiani tupite hospitali, kama ni lazima."

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mwanamke mfupi, Daktari Meaza, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi. Alimkagua shingo yote.

"Mzee, sioni uvimbe."

"Upo. Umelala."

"Una homa? Ladha ya usaha mdomoni?"

"Hakuna."

"Ulimi unakufa ganzi? Mdomo umewahi kupinda?"

"Mdomo wangu umenyooka, uliza watu."

"Basi uvimbe huo unakaa, au unakuja na kuondoka?"

"Unakuja."

"Unakuja wakati gani?"

"Unapotaka."

Nilikuwa nimekaa kwenye kona na kikapu changu. Nilijua kwa nini anaficha. Mambo ya jicho hayapelekwi kwa daktari, atakucheka. Lakini nilimkumbuka Seble na sahani yake isiyoguswa.

"Daktari," nikasema, "unakuja akila. Asipokula hauji. Na chakula chenye limau kinauleta upesi kuliko mkate."

Mjomba alinitazama kama vile mimi ndiye mwenye jicho. Daktari akageuza kiti kunielekea.

"Umeona hivyo mara ngapi?"

"Kila siku, mwezi mzima. Nilikuwa nimegeukia ukuta, lakini nasikia."

"Vizuri. Mzee, nataka unyonye kipande cha limau hapa, nione."

Mjomba akasimama. "Daktari! Saa nne asubuhi? Ndani ya Mfungo Mkuu?"

"Kipande tu."

"Hata tone! Nimefunga miaka hamsini, niuvunje kwa limau?"

Daktari alimwambia kwamba mgonjwa husamehewa kufunga. Mjomba alisema hajawa mgonjwa bado, ndiyo kwanza anapimwa. Wakabishana hivyo mpaka watu wa foleni wakachungulia mlangoni. Mimi nilikuwa na malimau manne kikapuni, ya kachumbari. Nikaomba kisu.

Nililikata moja katikati, polepole, mbele ya pua yake. Maji yakaruka. Nikalikamua kidogo kwenye kibakuli cha chuma, harufu ikajaa chumba. Mwenyewe nilimeza mate. Nesi mlangoni akameza mate.

"Mjomba," nikasema, "leo saa tisa nitakupikia dengu. Na kitunguu. Na pilipili mbichi niliyoijaza mbegu za haradali."

"Nyamaza, Tiru."

"Na hili limau nalikamua lote juu."

"Nimesema nyam... Aaa! Limekuja!"

Akashika taya. Daktari akauondoa mkono wake kwa nguvu, na sote tukaliona yai likijaa taratibu.

"Fungua mdomo. Inua ulimi." Akamulika tochi. "Njoo, binti, na wewe uone." Nikaona vitundu viwili vidogo chini ya ulimi, kimoja huku na kimoja huku. Cha kushoto kilitoa mate kama chemchemi. Cha kulia kilikuwa kikavu.

"Mzee, nani alikuwa anakutazama ukila?" Daktari akauliza. Kumbe alijua. Hakuanza kazi Debre Birhan leo.

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama nesi, akalitazama limau.

"Sikuwa ninakula," akasema polepole.

"Hukula. Basi jicho lingekamata nini?"

Akavaa glavu, akaingiza kidole chini ya ulimi, mkono mwingine ukisukuma kutoka nje chini ya taya. Akatabasamu. "Hapa. Jiwe. Tezi inatengeneza mate ukila, au hata ukitamani kula. Jiwe limeziba mrija. Mate yanakosa njia, tezi inajaa. Ukimaliza kula, yanapenya kidogokidogo, uvimbe unashuka."

"Siyo ile ya shemeji yake Wubshet?"

"Saratani haishuki baada ya chakula, mzee. Ile hukaa palepale na kukua, mara nyingi hata haiumi mwanzoni. Na ingekuwa maambukizi ungekuwa na homa, pamewaka, na usaha kwenye kitundu. Lakini sitaki kukisia, twende altrasaundi."

Chumba cha pili wakampaka mafuta ya baridi, akapiga kelele kuliko alipovimba. Kwenye kioo kulikuwa na doa jeupe na kivuli cheusi nyuma yake. Milimita sita. Tezi yenyewe safi, hakuna kitu kingine kilichoota.

"Liko karibu na mdomo wa mrija," Daktari alisema. "Naweza kulitoa leo, kwa ganzi."

"Sindano inavunja mfungo?"

"Mzee, sindano siyo chakula."

Nilimshika mkono. Daktari alichoma ganzi, akapitisha uzi nyuma ya jiwe ili lisirudi ndani, akapasua kidogo juu yake. Mate ya kulia yakafoka, mazito, ya mwezi mzima. Kisha kitu cha njano kikagonga kibakuli: ting.

Mjomba alijiinua kwa kiwiko, akalichungulia.

"Dengu!" akasema kwa ulimi wa ganzi. "Dengu ya Yeshareg! Nilijua mimi!"

"Si dengu," Daktari akasema. "Ni chokaa, imetoka kwenye mate yako mwenyewe na kugandana polepole. Lilikuwepo muda mrefu kabla hujaenda kwa mama huyo. Limau lake ndilo lililokushtua tu. Ukifika saa tisa kunywa maji mengi, usiku pia, maana mate mazito ndiyo huganda. Kula laini siku chache, kanda hapa kwa vidole, na unyonye kitu kichachu. Pakianza kuwaka moto au usaha, rudi siku hiyohiyo."

Tulipofika langoni Mjomba akasema, "Wazee wameshapewa maneno ya Jumapili."

"Ndiyo, Mjomba."

"Waambie watangulie. Naenda mwenyewe."

Jumapili tulikwenda, Seble macho mekundu, maana baba yake hakumwambia anakwenda kusema nini. Bibi Yeshareg alitukaribisha kwa heshima ya kuumiza, ile ya kukupa kiti kizuri bila kukuangalia usoni. Watu walikuwa kama arobaini, maana habari za kuvunja posa hazihitaji mwaliko. Mzee wa posa akakohoa, tayari kuanza. Mjomba akamzuia.

"Bibi Yeshareg, nilisema una jicho. Nilikosea. Nilikuwa na jiwe." Akatoa kichupa mfukoni, akalionyesha. Likapitishwa mkono kwa mkono. Wawili wakaacha kula.

"Kwa hiyo," Bibi Yeshareg akasema, "mwezi mzima mji mzima unafunika sahani nikipita, kwa sababu ya hicho?"

"Ndiyo."

"Hata mwenye duka la sukari alifunika sukari, Tilaye!"

"Nisamehe, dada yangu."

"Sitaki hiyo 'nisamehe' yako. Fungua mdomo."

Akakunja injera na dengu, akakamulia limau zima, mbegu zikaruka. Tonge lilikuwa kubwa kama ngumi. Mjomba akalivua gabi, akanikabidhi. Macho arobaini mara mbili yakakaa chini ya taya lake la kulia, hata mtoto mchanga aliacha kunyonya.

Akatafuna. Limau lilimchoma kidonda, machozi yakamtoka, Seble akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Akameza.

Taya likabaki taya.

"Moja halitoshi," Bibi Yeshareg akasema, tayari anakunja la pili.

"Lete," Mjomba akasema. "Ila safari hii usinipe ukiangalia pembeni. Nitazame vizuri."

Akamtazama. Tena kwa muda mrefu sana, na tonge la tatu likawa kubwa kuliko yote mawili. Mzee wa posa aliuliza kama bado kuna maneno ya kusema, lakini Seble alikuwa ameshavuta sinia, anakula kama mtu aliyetoka jela, na hakuna aliyemjibu.