Mstari wa Mwisho wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Asante ya kwanza iende kwa umeme uliokatika. Siku yenyewe niliulaani kama kila mtu. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, tumejazana kwa Shakuru wa fotokopi pale Kamenge, na mashine yake ikazima katikati ya silabusi ya uzazi.

Silabusi kwetu ni karatasi za somo zima, zilizoandikwa na mwalimu kutoka kwenye mwongozo wa matibabu. Mwalimu Salvator hutoa nakala moja tu. Delege, yaani kiongozi wa darasa, anaipokea, anaipeleka kwa Shakuru, na sisi wanafunzi wa uuguzi tunajipanga nyuma yake. Delege wetu ni Népomuscène, kijana mrefu, shati limenyooka saa zote, na anapenda mambo yaende haraka. Siku hiyo aliagiza kurasa zipunguzwe ukubwa, mbili zikae upande mmoja wa karatasi.

Mashine ilizima baada ya ukurasa wa kumi. Wenzangu wakatoka kutafuta kivuli. Mimi nilikuwa na kalamu na daftari, na nilikuwa na woga: somo la uzazi lilikuwa limeniangusha mwaka uliopita, na sasa nilikuwa nalirudia kwa mara ya mwisho. Nikivuka, ninamaliza diploma. Nikianguka tena, shule imekwisha. Nikachukua nakala ya mwalimu, nikaanza kunakili kwa mkono kuanzia ukurasa wa kumi na moja.

"We dada, unashindana na mashine yangu?" Shakuru aliniuliza.

"Mashine yako imelala. Mi niko macho."

Akacheka, akanivutia kiti. Umeme uliporudi nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa wa kumi na tano. Jioni nilipata fotokopi yangu kama wengine, lakini zile kurasa tano sikuzisoma humo hata mara moja. Nilizisoma kwenye daftari langu.

Tulikuwa na kundi la marudio la watu watano, tukikutana Jumamosi kwenye veranda ya akina Léoncie, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Kila mmoja alikuja na maswali yake. Maswali ya kukariri tuliyaacha zamani. Swali lilipaswa kuwa na mgonjwa: umri wake, alivyofika, vipimo vyake, saa ilivyo, kisha njia nne za kuchagua. Kanuni ya kundi aliiweka Népomuscène: jibu lisilo na namba ya ukurasa wa silabusi si jibu. Maswali mazuri aliyatuma kwa darasa zima kwenye simu, watu hamsini na wanane.

Mimi niliandika yangu kwa Kiswahili. Silabusi ni ya Kifaransa, mtihani ni wa Kifaransa, lakini mama wa mtaani kwetu Buyenzi mwenye maumivu ya kichwa hakuelezi kwa Kifaransa. Ugonjwa usioweza kuusimulia kwa lugha ya nyumbani kwenu hujauelewa bado. Wenzangu walinicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanasoma yangu kwanza.

Asante ya pili ni ya Mama Dative, mkunga wa kituo cha afya nilikofanyia staji, yaani mazoezi ya kazi. Ana miaka ishirini na mitano kazini. Nilimwonyesha swali langu kuhusu magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege kwa mama mjamzito mwenye shinikizo kali la damu. Nilikuwa nimeandika kwamba mama "anakojoa kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?" akauliza. "Kidogo chako na kidogo changu ni sawa?"

"Apana, Mama."

"Basi andika mililita. Na mfuko wa mkojo ulimwagwa saa ngapi? Kama haukumwagwa, unahesabu mkojo wa jana. Na hili jibu la pili lako, kumpa maji ya sukari, nani atalichagua? Hakuna. Weka kosa ambalo mutu mwenye akili anaweza kulifanya akiwa na haraka."

Niliandika upya mara tatu. Likatoka hivi:

Mama wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, wiki ya thelathini na sita. Shinikizo la damu 170 kwa 115, protini nyingi kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu. Saa mbili asubuhi amepewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu, amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko umemwagwa. Sasa ni saa sita mchana, sindano inayofuata imefika wakati wake. Anapumua mara kumi na nane kwa dakika. Goti linaruka ukiligonga. Mfukoni kuna mililita themanini. Utafanya nini? A: utachoma dozi kamili. B: utachoma nusu ya dozi. C: utazuia dozi, utakagua mpira, utamwita daktari na kuendelea kumwangalia. D: utachoma dawa ya kuondoa sumu ya magnesiamu.

Jumamosi iliyofuata kundi lote lilichagua A, hata Népomuscène, ambaye nilikuwa nimemtumia swali na jibu lake usiku uliotangulia.

"Ni C," nikasema.

"C ya wapi?" Népomuscène alikuwa tayari amefungua silabusi. "Ukurasa wa kumi na nne. Kabla ya kila dozi hakikisha: pumzi zisipungue kumi na sita kwa dakika. Anazo kumi na nane. Goti liwe linaruka. Linaruka. Choma."

"Na mkojo?"

"Mkojo gani?"

"Usipungue mililita thelathini kwa saa, kwa saa nne zilizopita. Yaani mia na ishirini. Yeye ana themanini. Magnesiamu hutoka mwilini kwa figo. Kama mkojo hautoki, dawa inabaki ndani, na wewe unaongeza nyingine juu yake, mpaka pumzi zisimame."

"Ukurasa?"

"Wa kumi na nne. Mstari wa mwisho."

Akanigeuzia karatasi yake. Hakukuwa na mstari. Léoncie akatoa yake, wengine wakatoa zao. Hakuna. Nikachomoa fotokopi yangu mwenyewe kutoka kwenye begi, na humo pia ukurasa uliishia kwenye goti. Daftari langu lilikuwa na mstari wa tatu, ule wa mkojo, kwa mwandiko wangu, na mwandiko wangu haukuwa ushahidi wa kitu.

"Sha, umeutunga," alisema Népomuscène. "Tena nimekwisha kulituma kwa darasa, swali pamoja na jibu lako. Watu wananitukana tangu asubuhi. Wanasema delege anawalisha uongo wiki mbili kabla ya mtihani."

"Sijatunga."

"Mshairi wa Buyenzi! Unapenda maneno mpaka unaongeza kwenye silabusi." Wawili wakacheka. Yeye hakucheka. "Jumatatu uombe radhi mbele ya darasa na useme jibu ni A. La sivyo, kundi hili halikuhusu tena."

Bila kundi nilikuwa nimekwisha, na alijua. Usiku wa Jumapili niliandika radhi kwenye simu, mistari minne. Nilikuwa hata sijui kama ninaamini daftari langu. Pengine Mama Dative aliniambia, nami nikachanganya? Lakini Mama Dative aliliona swali siku tatu baada ya mimi kunakili daftarini. Nikaisoma ile radhi kwa sauti. Nilipofika "jibu sahihi ni A" nikamwona mama wa miaka kumi na tisa, nikaona na mkono wa mwenzangu ukishika sindano. Nikaifuta.

Jumatatu asubuhi Léoncie alinikuta getini. Yeye ndiye asante ya tatu.

"Nimepitia kwa Shakuru," akasema. "Anakukumbuka. Anasema ulinakili kutoka kwenye karatasi za mwalimu wakati umeme haupo. Kisha nikamuuliza kuhusu kupunguza kurasa. Akaniambia ukurasa uliojaa mpaka chini kabisa, mashine inaula ukingoni. Anasema alimwambia Népo. Népo akamwambia fanya tu haraka."

Tukaenda ofisini kwa Mwalimu Salvator, sisi wawili, na Népomuscène nyuma yetu kwa sababu Léoncie alimwita mbele ya watu na hakuweza kukataa. Mwalimu alitusikiliza hadi mwisho. Akavuta droo, akatoa silabusi yake, akalowesha kidole na kufunua. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Mstari ulikuwepo, chini kabisa, karibu udondoke kwenye meza. Mkojo: angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Na pembeni, kwenye mabano: kikipungua kimoja kati ya hivi vitatu, zuia dozi.

Mwalimu alivua miwani. "Hamsini na wanane," akasema polepole. "Hamsini na wanane mngeingia wodini bila huu mstari."

Alitupeleka darasani mwenyewe. Akaandika mstari ubaoni, kila mtu akaunakili kwa mkono chini ya ukurasa wake wa kumi na nne. Kisha akaniambia nisome swali langu. Nilimwuliza nilisome kwa lugha gani. "Uliyoliandikia," akajibu. Nikalisoma kwa Kiswahili, lote, na hakuna aliyecheka. Wote walijibu C. Msichana wa nyuma aliuliza kwa nini si B, nusu ya dozi. Nikamwambia lile nililofundishwa na Mama Dative: nusu huchomwa na mtu anayeogopa kuuliza.

Baada ya somo Mwalimu alituita kando, mimi na Népomuscène. Népo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Assia," Mwalimu akaanza kwa upole, "umesema kweli. Lakini delege ameaibika mbele ya darasa lake. Ni mwenzako, mtafanya kazi pamoja. Mwombe msamaha kidogo, yaishe."

Ndivyo tunavyofanya hapa. Anayeshinda anainama kwanza ili aliyeshindwa asibaki chini peke yake. Ni desturi nzuri, na mara nyingi nimeifuata. Nikamgeukia Népomuscène.

"Nakushukuru," nikamwambia, na sikuwa namdhihaki. "Ile kanuni yako ya ukurasa ndiyo iliyotufikisha kwenye huo mstari. Kama ungelikubali swali langu kwa urafiki tu, mimi ningebaki na jibu sahihi peke yangu, na nyinyi wote mngebaki na karatasi zilizokatwa. Jumamosi nitakuja kwenye veranda na maswali kumi. Yote yana namba za ukurasa."

Akainua macho. "Njoo," akasema. "Nami nitakuja na nakala ya mwalimu, si ya Shakuru."

"Na msamaha?" Mwalimu alikumbusha.

"Apana, Mwalimu. Siombi."